Barua ya Kuthibitishwa Kazini

SIRI

Idara ya Rasilimali Watu
Eneo la Viwandani, Nairobi
Kumb. Na.: RW/STOO/017/2025
30 Julai 2025

Bi. Nekesa
Karani wa Stoo
Ghala Na. 2

Kwa Bi. Nekesa,

KUH: KUTHIBITISHWA KUWA MWAJIRIWA WA KUDUMU

Tunafurahi kukujulisha kwamba umefaulu katika kipindi chako cha majaribio. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 wewe ni mwajiriwa wa kudumu wa kampuni hii. Uliripoti kazini tarehe 3 Februari 2025, kwa hivyo miezi yako 6 ingetimia tarehe 2 Agosti. Tumeiwahisha tarehe hiyo kidogo ili mshahara mpya ulipwe kwa mwezi mzima, badala ya kukokotoa siku mbili za mwanzo kwa kiwango cha zamani.

Uamuzi huu umetokana na tathmini ya tarehe 22 Julai uliyoketi pamoja na msimamizi wako. Kadi za stoo kwenye rafu zako zimekuwa zikilingana na kompyuta, na hesabu ya bidhaa ya mwisho wa Juni ilikamilika bila kuhesabiwa upya. Jambo moja bado: hati za kupokea bidhaa. Zinazofika alasiri umekuwa ukiziingiza kesho yake asubuhi, na katikati hapo idara ya mauzo huona stoo haina mzigo ilhali umelala sakafuni. Kuanzia sasa, hati iingizwe kabla lori halijatoka getini, na isitiwe sahihi kabla katoni hazijahesabiwa, hata dereva akikuharakisha.

Masharti yafuatayo yamebadilika kama tulivyojadiliana katika kikao hicho.

Cheo na wajibu. Utaitwa Karani Mwandamizi wa Stoo na utaripoti kwa Meneja wa Ghala moja kwa moja. Utaweza kutia sahihi peke yako mapokezi ya bidhaa zisizozidi shilingi 150,000 kwa hati moja. Zikizidi hapo, sahihi ya pili ni ya lazima. Usikubali mzigo mmoja ugawanywe kwenye hati mbili ili kuepa kiwango hicho. Wakaguzi wa hesabu hulitazama hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Mshahara. Mshahara wa msingi unapanda kutoka shilingi 38,000 hadi 42,000 kwa mwezi. Marupurupu ya nyumba ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hivyo yanatoka 5,700 hadi 6,300. Ya usafiri yanabaki 3,000. Jumla kabla ya makato ni 51,300, ikilinganishwa na 46,700 ya awali. Kwa viwango vinavyotumika sasa, hati yako ya mshahara wa Agosti itasomeka hivi:

| Maelezo | Shilingi |
|---|---|
| Jumla kabla ya makato | 51,300.00 |
| NSSF (asilimia 6) | 3,078.00 |
| SHIF (asilimia 2.75) | 1,410.75 |
| Ushuru wa nyumba (asilimia 1.5) | 769.50 |
| Pensheni ya kampuni (asilimia 5 ya msingi) | 2,100.00 |
| PAYE baada ya nafuu ya 2,400 | 5,565.88 |
| Utakachopokea | 38,375.87 |

PAYE hukokotolewa kwa 43,941.75, yaani baada ya kuondoa makato manne yaliyotangulia, wala si kwa 51,300. Ukikuta kodi kubwa kuliko hiyo, kwa kawaida ni kwamba pensheni haijaingizwa kwenye mfumo kama mchango usiotozwa kodi. Leta hati yako ofisini mwezi huohuo, kwa sababu kurekebisha baada ya kodi kuwasilishwa kwa KRA huchukua muda. Ukiwa na mkopo wa HELB au wa chama cha akiba, kumbuka kwamba makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wako.

Pensheni. Hii ni mpya kwako. Unachangia 2,100 kwa mwezi na kampuni inaongeza 2,100 juu yake. Jaza fomu ya mrithi hata kama huna mume wala watoto. Mwanachama akifariki bila kuijaza, familia huzungushwa sana kabla ya kulipwa.

Matibabu. Mbali na SHIF, utaingia kwenye bima ya kampuni: shilingi 500,000 kwa mwaka kwa kulazwa na 60,000 kwa matibabu ya kutolazwa, wewe, mwenzi na watoto wasiozidi 3. Bima huanza tarehe 1 Septemba ikiwa fomu zitatufikia kufikia 20 Agosti. Kinachochelewesha wengi ni jina la mzazi kwenye cheti cha kuzaliwa kutofautiana na la kitambulisho; likiwa hivyo, ambatisha hati ya kiapo mapema.

Likizo. Unastahili siku 21 za kazi kwa mwaka. Utumishi wako unahesabiwa tangu 3 Februari, si tangu kuthibitishwa, kwa hivyo kufikia mwisho wa kipindi cha majaribio una siku 10.5. Ulichukua 2 mwezi wa Mei, zimebaki 8.5. Jumamosi huhesabiwa nusu siku. Likizo ya ugonjwa inapanda kutoka siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara hadi 30 na 15, mradi hati ya daktari aliyesajiliwa itufikie ndani ya saa 48.

Notisi. Katika majaribio, kila upande ungeweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Sasa ni mwezi mmoja kwa maandishi, au malipo ya mwezi mmoja badala yake. Notisi peke yake haitoshi kwa upande wetu: kampuni lazima iwe na sababu halali, na ikiwa sababu ni mwenendo, utendaji au hali ya afya, utaelezwa na kusikilizwa kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, kama kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinavyosema.

Saa za kazi hazibadiliki: Jumatatu hadi Ijumaa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumamosi hadi saa saba mchana. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Kiwango cha saa ni mshahara wa msingi uliogawanywa kwa 225, kwa hivyo saa moja ya ziada siku ya kawaida sasa ni shilingi 280. Isiyoidhinishwa na meneja kwa maandishi kabla ya kufanywa huzua ubishi kila mwezi, iombe mapema. Masharti mengine ya mkataba wako wa tarehe 3 Februari 2025 yanabaki yalivyo.

Tafadhali tia sahihi nakala ya pili na uirudishe kufikia Ijumaa, 8 Agosti. Orodha ya mishahara hufungwa tarehe 15. Nakala ikichelewa kupita hapo, mabadiliko yatalipwa Septemba pamoja na malimbikizo ya Agosti. Kama kuna sharti usilokubaliana nalo, njoo tuzungumze kabla ya kutia sahihi.

Hongera, na karibu rasmi.

Wako mwaminifu,
Meneja wa Rasilimali Watu

Nakala: Meneja wa Ghala; Ofisi ya Mishahara; Faili ya mwajiriwa

KUKUBALI KWA MWAJIRIWA

Nimeisoma barua hii yenye kumbukumbu RW/STOO/017/2025, nimeyaelewa mabadiliko ya cheo, mshahara, pensheni, bima, likizo na notisi, na nimeyakubali kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Nimebaki na nakala yangu.

Nekesa, 4 Agosti 2025