Karatasi ya Kaki

Aliyeiona kwanza ni Mama Zubeda, aliyekuja asubuhi na mapema kununua mafuta ya kupima.

"Bakari! Wee Bakari! Toka uone ulichowekewa."

Kizingitini, chini ya jiwe, palikuwa na kipande cha karatasi ya kaki kilichochanwa kwenye mfuko wa saruji, kimejaa maandishi ya kalamu ya bluu. Si Kiswahili, si Kiarabu. Vijiherufi vimesimama kimoja kimoja kama watoto wa chuoni waliopangwa foleni, na kati ya neno na neno nukta mbili. Pembeni ilichungulia noti iliyokunjwa mara nne.

Watu wa Amboni hawana mchezo na vitu vya kizingitini. Jua halijapanda, baraza limeshajaa. Mmoja akasema imwagiwe chumvi. Mwingine akasema dawa yake ni kukojolewa, tena na mtoto wa kiume. Wa tatu, ambaye jina lake limo kwenye daftari la madeni tangu Ramadhani, akashauri duka lifungwe siku saba na daftari lichomwe pamoja na hiyo karatasi.

Bakari hakumjibu. Tangu alipoamka alikuwa na hasira zake nyingine: ndala zake za bluu, alizoziacha barazani jana usiku, hazionekani, na kijana wake wa dukani, Juma, alishaapa mpaka sauti imemkauka.

"Msishike," alisema. Akatoa simu, akainama, akapiga picha.

Aliifungua ile programu ya kutafsiri aliyowekewa na mpwa wake kwa ajili ya kusoma maboksi ya bidhaa za Kichina. Programu ikazunguka, ikazunguka, ikaleta neno moja tu: "mbuzi". Baraza zima likarudi nyuma hatua mbili.

Mzee Athumani alifika akitoka kununua samaki. Ujana wake wote aliumalizia melini. Alivaa miwani, akaitazama picha, kisha akaitazama karatasi yenyewe.

"Hizi herufi za Kihabeshi. Nimeziona Asabu na Masawa, zama zile bandari bado ni za Uhabeshi, Eritrea haijajitenga. Uchawi gani unaoandika tarehe?"

Kweli, juu kabisa paliandikwa 12/9/2017.

"Mzee, hiyo si Septemba ya miaka minane nyuma?" Juma aliuliza. "Na wino mbichi?"

"Wale miezi yao kumi na mitatu, na mwaka wao unafunguka Septemba. Mwezi wao wa tisa ndio huu wetu wa Mei. Na miaka yao iko nyuma ya yetu, saba au minane inategemea mwezi. Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini. Mei 20, 2025."

"Basi imeandikwa leo."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyetaka kusema, ila kila mmoja alikuwa amekwisha kuelewa. Barabara ya Horohoro inapita hapo hapo mbele ya duka, mpaka wa Kenya hauko mbali, na vijana wa Kihabeshi wanaopitishwa usiku kwenda kusini si habari ngeni Tanga. Hukamatwa porini, hukutwa ndani ya malori chini ya magunia. Na anayewahifadhi naye hubebwa. Baraza likapungua kimya kimya. Wa daftari la madeni ndiye aliyetangulia kuondoka.

Bakari aliiokota karatasi kwa mkono wake. Noti ilikuwa ya Kihabeshi, ya 100.

"Mlitia kiwingu na vichwa vyenu," Mzee Athumani alisema. "Ilaze kwenye meza, igeuzie mwanga wa mlangoni. Piga mstari mmoja mmoja. Na hapo kwenye lugha uiambie Kiamhari, isibahatishe."

Ikawa kazi. Kaki imekunjamana, wino umeingia kwenye mikunjo, mstari mwingine unasomeka nusu. Juma alikandamiza pembe kwa mawe ya mizani, Bakari akipiga, mzee akisoma yanayotoka na kuyaandika nyuma ya risiti. Lugha ilikuja imepinda, lakini ilikuja:

*Mwenye duka samahani. Usiku saa 8 tumefika. Maji ya pipa yako tumekunywa. Kiatu chako tumebeba, rafiki mguu wake umeoza. Pesa ya kiatu iko hapa, nyingine hatuna. Simu zetu wamechukua. Dada yangu namba hii, mwambie kaka hai.*

Namba ilianzia 251. Chini yake mistari minne mifupi, ambayo programu ilitafsiri kuwa "jiwe", "furaha", "yeye ameongeza" na "mbuzi" yuleyule.

"Saa nane usiku," Mwanaidi alisema nyuma ya pazia la uani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. "Saa nane mbwa walibweka, nikakwambia Baba Rehema amka. Ukasema ni fisi."

"Hiyo saa nane ni yao, pengine sivyo tunavyohesabu sisi."

"Ndivyo," Mzee Athumani alisema. "Wanahesabu tangu kunapokucha, kama sisi."

Bakari aliketi juu ya gunia la sukari. Alijua atakalosema mwenyekiti wa mtaa, alijua na atakachouliza askari: namba ya Ethiopia kwenye simu yako inafanya nini? Ana watoto watatu na leseni ya duka. Alimtazama mkewe. Mwanaidi hakusema neno. Alichukua kata, akaenda kupima maji yaliyobaki kwenye pipa.

"Yamefika nusu," alisema aliporudi. "Walikuwa na kiu."

Bakari akaihifadhi namba kwa jina la "Soda Jumla", akatuma kwa Wasapu ile picha ya kwanza, ya karatasi nzima. Maneno hakuandika. Angeandika nini?

Haikuchukua muda kama aliodhania. Maandishi yakaingia, akayapitisha kwenye programu.

*Hii hati ya kaka yangu. Nani wewe? Wapi? Wengine wangapi?*

"Mwambie Tanga," mzee alisema. "Mwambie hatukuwaona."

Aliandika hivyo, akaongeza kwamba karatasi haisemi ni wangapi. Jibu likarudi papo hapo.

*Inasema. Chini. Majina. Picha haionekani vizuri. Walitoka sita. Tafadhali.*

Wote watatu wakaigeukia ile mistari minne. Jiwe, furaha, yeye ameongeza, mbuzi. Juma aliinyoosha karatasi kwa kiganja, taratibu, ikawa sawasawa. Bakari alifuta kioo cha kamera kwa ncha ya msuli, akasogea mpaka herufi zikajaa simu, akapiga tena. Akatuma.

Kilichorudi kilikuwa ujumbe wa sauti. Alipoubonyeza, duka lilijaa wanawake. Vigelegele, hivi hivi kama vya huku, na maneno mengi yaliyopandana, mtu akilitaja jina na mwingine akilidaka. Chini ya vigelegele, kama aliyesimama mbali kidogo na simu, mwanamke mmoja alikuwa akisema neno moja, akilirudia, akilirudia. Hata vigelegele vilipokatika yeye aliendelea.

Mteja alisimama mlangoni na chupa yake ya mafuta. Juma alimwashiria asubiri.

"Sita toa wanne," Mzee Athumani alisema, akavua miwani.

Mwanaidi aliipokea simu mkononi mwa mumewe, akaketi kwenye gunia pale alipoinuka, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akitamka kila neno ili asikosee.

"Dada. Mimi. Ni mke wa mwenye duka. Huyo mama anayelia. Mwanawe anaitwa nani? Tutauliza njiani."

"Mwanaidi," Bakari alisema.

"Nimeshaituma."