Barua kwa Baba: Kwa Nini Sikupokea Fedha za Haji

Iganga,
22 Septemba 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Malaba pamoja na Mama na wadogo zangu. Mimi ni mzima, na kazi inaendelea.

Ijumaa uliponipigia simu ulikuwa umekasirika, nami sikutaka kubishana nawe mbele ya wenzangu kazini. Ulisema nimekuaibisha kwa Haji, na kwamba mtu aliyetufaa siku za shida alinyoosha mkono, nikaukataa kama mkono wa mgeni. Nimeona ni heri nikuandikie, maana mambo uliyoyasikia yametoka upande mmoja, na katika simu mtu husikia sauti kuliko maneno.

Lori lililokuja mizani usiku ule lilikuwa la Haji, lenye ekseli sita, limepakia chumvi kwenda Kampala. Dereva alilisimamisha gurudumu la mwisho likiwa nusu limebaki nje ya sahani, hila ambayo wewe waijua kuliko mimi. Nilimwomba asogee mbele. Aliposogea, kompyuta ilisoma kilo 53,460, ilhali gari la namna ile haliruhusiwi kupita kilo 50,000. Lakini si jumla hiyo iliyonitisha. Ekseli tatu za nyuma peke yake zilikuwa na kilo 27,380 badala ya 24,000, na matairi yake yalikuwa yametanuka pembeni hata taniboi mwenyewe akawa anayakwepa alipopita na tochi.

Dereva alinipa karatasi za mzigo zikiwa zimekunjwa, na ndani yake mlikuwa na noti sita za shilingi 50,000. Alitaka nirudishe gari nyuma, tulipime tena gurudumu likiwa nje, nichape tiketi ya vipimo hivyo. Nilimrudishia karatasi na fedha zake pamoja, na nilimrudishia kwa adabu, Baba. Aliyekuambia kwamba nilimfokea hakukuambia kweli. Baadaye Haji mwenyewe alinipigia, akasema kama naogopa kamera basi atanitumia kwa simu, eti hakuna atakayeona. (Fedha za simu ndizo zinazobaki kwenye kumbukumbu miaka na miaka, lakini hilo sikumwambia.) Nilimjibu kwamba namheshimu kama nikuheshimuvyo wewe, ila tiketi ile sitaichapa.

Sasa sababu zangu.

Ya kwanza ni ile ambayo kila mtu huisema, nami sitakaa nayo sana. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamkamata atoaye na apokeaye, na kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Haji ana malori na mawakili. Mimi nina chumba cha kupanga na mshahara mmoja. Hata hivyo nisingependa udhani kwamba ni woga tu ulionizuia, kwa sababu wenzangu kadhaa wamechukua kwa miaka na hakuna aliyewagusa.

Ya pili ni kazi yenyewe. Watu hudhani karani wa mizani analinda lami ya serikali, na kwa kuwa serikali haina uso, kuiibia hakumuumizi mtu. Tulipofunzwa kazi hii tulielezwa kwamba wahandisi hukadiria madhara ya ekseli kwa barabara kwa nguvu ya nne ya uzito wake, yaani uzito ukizidi kwa asilimia 10, madhara huongezeka kwa asilimia 46 hivi. Ekseli zile za nyuma zilikuwa zimezidi kwa asilimia 14. Mashimo yanayotokana na hayo wanayaingia watu wa bodaboda na matatu, si Haji. Halafu kuna dereva. Breki za gari hilo zimetengenezwa kwa uzito fulani, na mbele yake kuna miteremko na masoko ya kando ya barabara ambako akina mama wanauza ndizi na nyanya hatua mbili tatu kutoka kwenye lami. Kama lori lile lingeshindwa kusimama, tiketi ambayo ingepatikana kwenye kabati la dereva ingekuwa na jina langu chini yake, ikisema kwamba Yasini alilipima akaliona ni zima.

Ya tatu ndiyo iliyo nzito kwangu, na nakuomba uisome bila hasira. Wewe uliendesha magari kati ya Mombasa na Kampala tangu kabla sijazaliwa. Tulipokuwa wadogo ulikuwa ukirudi nyumbani unahesabu mezani mahali ulipotoa kitu kidogo, na ulichobaki nacho hakikutosha hata kununua sukari. Ulikuwa ukiwataja makarani wale kwa majina, na hayakuwa majina mazuri. Ulisema kwamba hata gari lako likiwa na uzito halali waliliweka pembeni mpaka utoe, kwa sababu walikwisha kuzoeshwa na wenye magari yaliyozidi. Nimekuta mambo ni hivyo hivyo. Karani akipokea kwa Haji leo, kesho taniboi wa Haji atawaambia wa magari mengine, na kabla mwezi haujaisha hatakuwapo dereva atakayepita mbele yake bila kuulizwa ameleta nini. Sikuweza kukubali kwamba mzee mwingine kama wewe arudi kwake bila sukari kwa ajili yangu.

Kuhusu fadhila ya Haji, sijaisahau. Mama alipougua usiku, gari lililompeleka hospitali lilikuwa lake, na hakutudai hata mafuta. Deni hilo ni letu, nami niko tayari kulilipa kutoka mfukoni mwetu, kwa fedha au kwa jasho, akitaka hata nikamsaidie vitabu vyake vya hesabu siku zangu za mapumziko. Lakini barabara si mali yetu hata tuitumie kumlipa.

Tena tafadhali mwambie jambo moja la faida. Ziada yake ilikuwa mifuko 70 ya kilo 50. Kama angeiacha Malaba ikaja na gari dogo, na wapakiaji wake wakasogeza mzigo mbele kidogo, gari lingepita bila maneno. Usiku ule lilizuiwa, akapakua, akalipa ada ya kuzidisha uzito, na chumvi ikachelewa siku nzima. Zile 300,000 zingetosha kukodi gari dogo. Nitamwandikia viwango vya kila ekseli kwenye karatasi, awape watu wake.

Najua pia kwamba uliwazia karo ya Zubeda, na kwamba fedha zile zingeimaliza. Nimekutumia leo shilingi 180,000 kupitia simu ya Mama. Zilizobaki nitazituma mwisho wa mwezi huu nikishalipwa. Nimekwisha kuzungumza na mwenye nyumba, amekubali nimlipe kodi yake Oktoba. Mwambie mwalimu mkuu asimrudishe mtoto nyumbani, na akitaka ahadi ya maandishi, mpe namba yangu nimwandikie.

Kama bado una neno juu ya jambo hili, nitakuja Jumapili ya kwanza ya Oktoba, tukae tuzungumze. Nitakwenda pia kwa Haji kumwamkia, nawe ukipenda tufuatane.

Msalimie Mama na wote nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Yasini