Taji la Ukungu

Kaka alirudi siku ya tatu ya msimu wa ukungu, na begi moja na kikohozi. Sisi tulikuwa tumeshamlilia tukamaliza. Miaka tisa si mchezo. Nguo zake mama alishazigawa, na kitanda chake nilikuwa nakilalia mimi.

Alipanda kutokea bondeni, upande ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuupandia. Ukungu ulimfika kiunoni, kisha magotini, mwisho akatoka mzima, nywele zinamdondoka maji. Mama hakupiga kelele. Alimshika kichwa kwanza, akapangusa kiganja kwenye kanga.

"Umelowa," akasema.

"Ukungu ni maji tu, mama."

Nadhani balaa lilianzia hapo, ingawa jioni ile hakuna aliyeliona.

Niwaeleze kwanza mambo ya kwetu. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima. Asubuhi za msimu ule bonde lote mbele yetu hujaa ukungu mweupe, nalo jua huchomoza nyuma yetu. Tukisimama ukingoni tukalipa jua kisogo, wanatokea Wakuu. Ni watu wa kivuli, warefu kupita miti, miguu yao inaanzia karibu na yetu na vichwa vyao viko mbali kabisa ndani ya weupe. Tukiinama, wanainama. Tukiinua mikono kuomba, nao wanatuombea. Jua likipanda wanafupika na kuteremka bondeni kulala, nasi tunarudi kwenye kazi zetu.

Na kuna jambo lingine, ambalo lilikuwa halisemwi. Ulikuwa ukifikisha umri wa kusimama ukingoni, Mzee wa Ukingo anakuinamia sikioni na kukuambia: utakachokiona kichwani mwa Mkuu, kifie kifuani mwako. Mimi nilikiona siku ya kwanza kabisa, nikiwa na miaka minane. Mkuu mmoja tu kati ya wote alikuwa na taji. Duara la rangi, jekundu kwa nje na buluu kwa ndani, limezunguka kichwa chake na linang'aa. Na Mkuu yule alikuwa wangu. Nilijua ni wangu kwa sababu nilijikuna sikio naye akajikuna.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba ya mjane, wa kutumwa maji na wa kula mwisho. Lakini kuanzia siku ile nilitumwa maji huku nikijua kitu.

Hata kesi zilikatwa pale pale. Wawili wakigombea mpaka wa shamba, husimamishwa ukingoni alfajiri, na mwenye taji ndiye mwenye haki. Walikuwa wakirudi kimya, kila mmoja na tabasamu lake la chini kwa chini, na kesho yake wote wawili wanalima kipande kile kile. Kesi za kwetu hazikuwa zikiisha, lakini sikuwahi kusikia mtu akilalamika kwamba ameshindwa.

Jioni ya kurudi kwake nyumba ilijaa hadi mlangoni. Kaka alisimulia, watu wakacheka pa kucheka. Walimkubalia bahari. Walimkubalia hata nyumba zilizopandiana, familia moja inatembea juu ya dari ya nyingine. Alipofika kwenye ndege aliyopanda, akasema alikaa dirishani, akaona kivuli cha ndege kinateleza juu ya mawingu chini, na pembezoni mwake kuna duara la rangi.

Nyumba ikanyamaza. Nilimwona mjomba akiweka kikombe chini taratibu, asisikike.

"Nilitazama sana," kaka akaendelea. Siku zote alikuwa mtu wa kutosoma nyuso. "Kitovu cha lile duara kilikuwa palepale nilipokaa mimi. Nikamuuliza abiria wa nyuma kabisa, akaniambia kwake kiko mkiani. Kila mtu na duara lake. Hapo nikaikumbuka kwetu, nikacheka peke yangu mpaka wakanishangaa."

Akaeleza yote. Kwamba ukungu ni matone madogo mno, mengi yasiyohesabika, na mwanga wa jua ukiyaingia hurudi ulikotoka, umeachana rangi. Kwamba anayeuona mwanga huo ni yule tu ambaye jua liko nyuma yake sawasawa, kwa hiyo kila jicho linapata duara lililozunguka kivuli cha kichwa chake lenyewe, na kwa jirani halioni kitu. Kwamba Wakuu ni sisi. Wanaonekana wakubwa kwa sababu kivuli hakijaangukia ukuta, kimezama ndani ya ukungu, na jicho halina cha kupimia umbali. Akasema si kwetu tu: kuna mlima Ujerumani, Brocken, ambao vivuli hivihivi vimepewa jina lake, na mwingine China, Emei, ambako mahujaji wamekuwa wakipanda kuliona duara tangu zamani.

"Kumbe Wakuu wamefika mpaka huko," akasema Mzee wa Ukingo, kwa furaha ya kweli kabisa.

Watu wakapumua. Wakacheka tena.

"Mzee, nimeshuka bondeni mwenyewe," kaka akasema. "Nimepita walipolala. Kuna mto, kuna miti, kuna watu wanalima. Hakuna jitu hata moja. Nilitazama juu huku, sikuwaona ninyi wala wao. Weupe tu."

"Usiku au mchana?"

"Mchana."

"Mchana wamejifunika," Mzee akasema. "Nawe mtu akijifunika utamwonaje?"

Wakakubaliana wakutane ukingoni alfajiri. Kaka alilala fofofo. Mimi sikulala.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito na jua safi, hata mimi sijapata kuona Wakuu waliokolea vile. Kaka akasimama mbele ya kijiji kizima na jembe mkononi. Akaliinua juu, Mkuu wake akainua jembe refu kama mnazi.

"Mnaona? Na jembe hilo kalitoa wapi?"

"Anakuitikia," wakasema.

Akatuhesabu tuliosimama mstari wa mbele: kumi na mmoja. Wakuu kumi na mmoja. Akamtoa binti mmoja, akampeleka nyuma ya mwamba. Wakabaki kumi. Akamgeukia Mzee, uso umejaa matumaini, na mpaka leo naumia nikiukumbuka uso ule.

"Kila mtu na Mkuu wake," Mzee akasema kwa upole, kama anayemfundisha. "Akiondoka, wake humfuata. Ulitaka abaki afanye nini?"

Basi, laiti angeishia pale. Wangemcheka mwezi mmoja, wakasahau. Mtu huvumiliwa akisema mbingu si mbingu. Lakini kaka alikuwa na hoja moja iliyobaki, na ndiyo iliyokuwa ya kweli kuliko zote.

"Haya," akasema. "Nikihesabu tatu, kila mtu amwonyeshe kwa kidole Mkuu mwenye taji. Kila mtu. Moja."

Nikasikia mtu nyuma yangu akimeza mate.

"Mbili."

Nilijua mkono wangu ungeelekea wapi. Nikageuza macho kidogo bila kugeuza shingo. Mjomba alikuwa ameikunja mikono yote miwili kwapani. Fundi wa mageti, aliyelala na kesi ya mpaka miaka sita, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Shangazi alikuwa amefumba macho kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani tulielewa wote kwa pamoja, kwa sababu mtu asiye na cha kuficha angenyoosha kidole tu.

"Tatu."

Hakuna mkono ulioinuka. Kisha mtoto wa jirani, aliyeletwa mgongoni kwa kuwa hakuwa na wa kubaki naye, akachomoa mkono kwenye mbeleko akauelekeza mbele na kusema kwa sauti ya kitoto, "Langu."

Mama yake akamziba mdomo.

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyeokota jiwe. Mzee wa Ukingo alimsogelea kaka, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono.

"Mwanangu, una homa," akasema. "Bondeni kuna unyevu. Umekaa sana kwenye unyevu."

"Sina homa, Mzee."

"Unakohoa."

Na kweli alikuwa anakohoa. Jambo likaisha hapo. Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakampa pole njiani. Tangu siku ile walimsemesha taratibu na kwa sauti kubwa, anavyosemeshwa mgonjwa au mgeni. Akieleza jinsi ya kuchimba mtaro, wanaitika "ndiyo, ndiyo" huku wakitazamana. Walimletea dawa za kikohozi kutoka nyumba saba. Kikohozi kilipopona, walisema bado kimebaki kichwani.

Mimi kwa hasira nilimkwepa kama wiki mbili. Tulilala chumba kimoja, yeye kitandani kwake na mimi mkekani, na usiku mmoja akaniuliza gizani, "Wewe unaliona wapi?"

Nikajifanya nimelala.

"Sawa," akasema. "Mimi nililiona nikiwa na miaka saba. Mzee aliniruhusu mapema. Miaka yote ile nikajua ni mimi." Akanyamaza muda mrefu. "Hata kwenye ndege, kabla sijamuuliza yule abiria, nilifurahi kwanza."

Hakulizungumza tena. Akaanza kuezeka upya paa la mama lililokuwa linavuja, akawa anapiga misumari kuanzia asubuhi, wakati watu wote wakiwa ukingoni.

Siku ya mwisho ya msimu nilisimama karibu na mama, bega kwa bega. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimeanza kumfikia sikio. Wakuu wetu walisimama pamoja ndani ya ukungu, mwembamba na mnene, na kwa nyuma tulisikia nyundo ya kaka. Taji langu lilikuwepo, kali, jekundu kwa nje. Nikajilazimisha kuliacha na kumtazama Mkuu wa mama. Kichwani kwake hapakuwa na kitu. Kijivu tupu, mpaka mwisho.

Kisha nikamtazama mama mwenyewe. Alikuwa ameinua kidevu, ametulia, na macho yake yalikuwa yametua mahali pale pale penye kijivu. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu vile nyumbani, hata siku kaka aliporudi. Akakaza kilemba kidogo kwa ncha za vidole, kwa uangalifu, kama mtu aliye mbele ya kioo.

"Mama," nikamnong'oneza. "Unaona nini?"

Hakugeuka.

"Ukungu, mwanangu," akasema. "Ukungu tu."