Kadirio la saa na bei: kuongeza sehemu ya kubuku vyumba kwenye tovuti ya nyumba ya wageni, Jinja

Kampala, Jumanne 3 Februari 2026

Kwa Mama Salma,

Asalaam aleikum, na shikamoo mama. Asante kwa kunipa nafasi ya kuingia ndani ya tovuti na kuiangalia vizuri kabla ya kutaja bei. Kazi hii itachukua kati ya saa 54 na saa 68. Kwa shilingi 45,000 kwa saa, hiyo ni kati ya shilingi 2,430,000 na 3,060,000 za Uganda. Kiasi cha juu ndicho kikomo. Nikikaribia saa 60 nitakupigia simu tuone kilichobaki, na hakuna saa itakayozidi 68 bila ruhusa yako ya maandishi. Sijasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo hakuna asilimia 18 itakayoongezwa juu yake.

Hivi ndivyo saa zinavyogawanyika:

Nakala ya akiba, tovuti ya majaribio na kupandisha PHP: saa 6–8
Kuingiza vyumba 8, bei na misimu: saa 6–7
Kalenda na fomu ya mgeni: saa 9–11
Malipo ya amana kwa MTN MoMo na Airtel Money: saa 14–20
Kuunganisha kalenda na Booking.com na Airbnb: saa 3–4
Ujumbe wa baruapepe na SMS: saa 5–6
Majaribio na kuwasha mfumo: saa 7–8
Mafunzo kwa watu wa mapokezi, Jinja: saa 4

Kwa nini malipo yanakula saa nyingi

Uliniuliza kwenye simu kwa nini tusiweke tu kitufe cha kulipa. Kitufe chenyewe ni kazi ndogo. Saa zinakwenda kwenye yale yanayotokea baada ya mgeni kukibonyeza.

Mgeni akiwa Kampala anachagua chumba cha Ijumaa na kuandika namba yake ya simu. Simu inamletea ujumbe wa kuweka PIN. Huenda akaiweka papo hapo, au akachelewa, au mtandao ukakatika katikati. Wakati huo mfumo wa malipo unajibu PENDING, maana yake pesa bado haijulikani ilipo. Tovuti ikimpa chumba wakati huo, unaweza kujikuta na chumba kilichofungwa bila hata shilingi moja. Isipompa, na mtu mwingine akakichukua, pesa ya yule wa kwanza inaweza kuingia dakika tatu baadaye, na Ijumaa jioni watu wawili wakasimama mapokezi na ufunguo ni mmoja.

Kwa hiyo nitajenga hivi: chumba kinashikiliwa kwa dakika 15. Ndani ya muda huo tovuti haikai kungoja taarifa ya malipo peke yake, bali inauliza yenyewe mara kwa mara mpaka ipate SUCCESSFUL au FAILED. Dakika 15 zikipita bila jibu, chumba kinarudi sokoni. Pesa ikiingia baada ya hapo, mgeni anapewa chumba hicho kama bado kiko wazi. Kama kimechukuliwa, mtu wako wa mapokezi anapata SMS yenye jina, namba na kiasi, ili amrudishie au ampe chumba kingine siku hiyohiyo. Kila njia kati ya hizi lazima ijaribiwe kwa laini zote mbili, na kwa pesa halisi. Hapo ndipo saa 14 zinapoweza kufika 20.

Ushauri wangu ni kupitia kampuni moja ya kukusanya malipo badala ya kuunganishwa moja kwa moja na MTN na Airtel kila mmoja kivyake. Watakata asilimia yao kwenye kila malipo, ndiyo, lakini utakuwa na mkataba mmoja, taarifa moja ya hesabu, na kadi za benki zinaweza kuwashwa baadaye bila kuanza upya. Watakuomba cheti cha usajili wa biashara kutoka URSB, TIN, na akaunti ya benki kwa jina la biashara. Uhakiki wao siuwezi kuuharakisha, kwa hiyo tafadhali tuma maombi wiki hii hii. Nitakutumia orodha ya nyaraka kwa WhatsApp, na fomu tutaijaza pamoja.

Booking.com na Airbnb

Kalenda zitasomana kwa njia ya faili ya iCal. Inafanya kazi, lakini ni lazima nikwambie ukweli wake: kila upande unasoma kalenda ya mwenzake kwa vipindi, hausomi papo hapo. Kati ya kipindi kimoja na kingine, chumba kilichochukuliwa kwenye tovuti yako bado kinaweza kuonekana wazi kwa wengine. Siku za kawaida nafasi hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu unabaki na vyumba. Hatari iko siku zile Jinja inapojaa: Pasaka, wiki ya Nyege Nyege, wikiendi ndefu ambazo watu wa Kampala wanakuja kwa ajili ya mto. Kwa siku hizo nakushauri chumba cha mwisho kiuzwe kwenye tovuti yako tu, kifungwe kwingine. Nitamwonyesha mtu wa mapokezi namna ya kufanya hivyo.

Ipo njia ya kuunganisha papo hapo, kwa mfumo wa kulipia kila mwezi unaosimamia masoko yote kwa pamoja. Kwa vyumba 8 sioni haja ya kubeba gharama hiyo sasa.

Hali ya tovuti ilivyo

Tovuti yako ya WordPress inaendeshwa kwa PHP 7.4, ambayo iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022. Siwezi kuweka malipo ya wageni juu ya msingi huo. Nitapandisha hadi 8.3 kwenye tovuti ya majaribio kwanza, na kama ile plagini ya picha itagoma, nitakuwekea nyingine inayofanana nayo. Hiyo imo ndani ya saa 6–8.

Fomu ya mgeni itakuwa fupi, kwa sababu wengi watabuku kwa simu: jina, namba, baruapepe, tarehe, idadi ya watu. Sitaweka sehemu ya kupakia picha ya kitambulisho wala pasipoti. Hizo mtaziangalia mapokezi kama mnavyofanya sasa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakutaka useme unachukua taarifa gani na kwa sababu gani, na kadiri tunavyochukua kidogo ndivyo mzigo wako unavyopungua. Ukurasa wa faragha nitauandika, ni sehemu ya saa za fomu. Kujisajili na ofisi ya ulinzi wa data binafsi kunabaki kwako kama mwenye biashara.

Gharama zisizo za mkono wangu

Leseni ya plagini ya kubuku kwa mwaka nimeitengea shilingi 450,000, SMS za kuanzia 100,000, na nauli yangu ya kwenda na kurudi Jinja 60,000. Jumla 610,000. Leseni na SMS zilipiwe kwa jina lako na akaunti ziwe zako, hata siku ukibadilisha fundi usianze kutafuta nywila. Utalipa kile kilichoandikwa kwenye risiti, iwe chini au juu kidogo ya makadirio haya. Kwa hiyo andaa kati ya shilingi 3,040,000 na 3,670,000 kwa jumla. Kumbuka pia kwamba leseni inahuishwa kila mwaka.

Picha mpya za vyumba, tafsiri ya tovuti kwa lugha nyingine na sura mpya ya tovuti hazimo.

Kama bajeti haitoshi

Tunaweza kuacha malipo kwa sasa. Mgeni anaomba chumba, mapokezi anampigia kuthibitisha, na amana inatumwa kwa simu kama mnavyofanya leo. Hapo kazi inakuwa saa 40 hadi 48, yaani shilingi 1,800,000 hadi 2,160,000, na gharama za nje zinabaki zilezile. Ni njia halali, na malipo yanaweza kuongezwa baadaye. Lakini ulichonilalamikia hasa ni wageni wanaoshika chumba halafu hawatokei, na kwa hilo ombi lisilo na pesa halitakusaidia. Kama nyumba ingekuwa yangu, ningesubiri hata miezi miwili nikusanye pesa, kisha nifanye yote kwa pamoja.

Tarehe na malipo

Ukinijibu kufikia Ijumaa 6 Februari, naanza Jumatatu tarehe 9 na kuwasha mfumo Jumatano 11 Machi. Nimechagua katikati ya wiki makusudi, ili kasoro yoyote ionekane kabla ya wageni wa wikiendi. Mafunzo yatakuwa asubuhi, kwa kuwa tutakuwa ndani ya Ramadhani. Tukichelewa, sitapenda kuwasha karibu na Idi, nyumba imejaa na wewe una wageni wako wa nyumbani. Tutasogeza hadi Jumatano 25 Machi, bado kabla ya Pasaka ya tarehe 5 Aprili. Tarehe zote mbili zinategemea kampuni ya malipo kukukubali kwa wakati. Ikichelewa, nitawasha kwa njia ya ombi kwanza, kisha malipo yafuate bila gharama ya ziada.

Malipo yangu: shilingi 972,000 tunapoanza, 729,000 ukishaiona ikifanya kazi kwenye tovuti ya majaribio, na salio wiki mbili baada ya kuwasha, kulingana na saa zilizotumika. Jedwali la saa utalipata kila Ijumaa. Kasoro yoyote ya kazi yangu itakayoonekana ndani ya siku 30 baada ya kuwasha nitairekebisha bure. Baada ya hapo, au ukitaka kitu kipya, ni 45,000 kwa saa. Bei hizi zinasimama hadi 5 Machi 2026.

Kabla sijaanza nahitaji majibu yako kwa mambo matatu. Amana: ulisema nusu ya usiku wa kwanza, yaani 60,000 kwa chumba cha 120,000, je, ni hivyohivyo kwa vyumba vyote? Mgeni akighairi, hadi saa ngapi kabla ya kufika anarudishiwa pesa yake, na baada ya hapo hapati kitu au anapata nusu? Na saa ya kuingia ni saa nane mchana kila siku, au Jumapili mnachelewa kwa ajili ya usafi? Majibu haya yataandikwa mbele ya mgeni kabla hajalipa, kwa hiyo yazungumze kwanza na watu wako wa mapokezi, maana wao ndio watakaoulizwa.

Ukikubali, nijibu kwa maandishi hapahapa ukitaja njia uliyochagua, yenye malipo au ya ombi. Kama kuna mahali hapajaeleweka, nipigie baada ya saa kumi jioni.

Kijana wako,
Juma
Fundi wa tovuti, Ntinda, Kampala