Maneno ya kuwaaga vijana wa timu ya chini ya miaka 17, Makorora, Tanga

Wazazi na walezi wetu, viongozi wa timu, mwalimu mwenzangu unayepokea kazi hii, na ninyi wanangu mliokaa hapa mbele na njumu zenu zikiwa bado na mchanga wa mazoezi ya leo, nawashukuru kwa kukubali kubaki baada ya muda wa kawaida.

Mmekwisha kusikia kwamba kuanzia mwezi ujao nitakuwa Mwanza, katika kituo cha kukuza vipaji ambako nitafundisha vijana wa chini ya miaka 20. Habari hiyo ilizunguka mtaani kabla sijaitamka, kama ilivyo ada ya habari hapa Makorora, kwa hiyo sitaieleza kwa kirefu. Nataka nizungumzie jambo ambalo baadhi yenu mmeniuliza pembeni, mmoja mmoja, na ambalo wazazi wawili wamenipigia simu kuliulizia: je, nitawachukua?

Jibu ni hapana, na napenda mlisikie wote kwa pamoja ili asitokee mtu wa kudhani kwamba mwenzake ameahidiwa chochote. Mwalimu anayehama na nusu ya kikosi huwa ameibomoa timu iliyomlea, na huyo mchezaji aliyebebwa hufika ugenini akiwa mtu wa kocha badala ya kuwa mtu wa timu, kiasi kwamba siku kocha huyo akiondoka naye hana mahali pa kusimama. Ikitokea siku moja klabu yoyote, hata hicho kituo ninachokwenda, imemtaka mmoja wenu, barua ije kwa viongozi wa timu, mzazi aketi mezani, na mwalimu atakayekuwepo aulizwe.

Tena hamna sababu ya kunifuata, kwa kuwa kile mlichojifunza hakikai mfukoni mwangu. Chukueni lile zoezi la vizibao ambalo mwanzoni mlilichukia, pale msaidizi wangu aliposimama nyuma ya mpokeaji akiwa ameshika kizibao chekundu au cha kijani, na mpokeaji akalazimika kugeuza shingo, kuitaja rangi kwa sauti, ndipo mpira umfikie mguuni. Mlikuwa mkitaja rangi kwa kubahatisha, na nilikuwa nikiwaona. Leo viungo wetu wanatazama nyuma ya bega bila kuambiwa na mtu, na ndiyo maana katika mechi ya mwisho mpira ulipofika kwa kiungo mkabaji wetu alikuwa amekwisha kujua kwamba winga wa kushoto yuko peke yake. Wale wazee wetu wanaokaa chini ya mwembe, ambao wameshiba mpira tangu Coastal Union ilipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, wataendelea kuwapigia kelele za "piga mbele!" kila beki anapotulia na mpira. Waamkieni kwa heshima, kisha endeleeni kujenga mashambulizi kutoka nyuma.

Mwalimu mpya atakuja na mambo yake. Akitaka kuacha mfumo wa 4-3-3 na kuweka mabeki watatu, au akimhamisha mchezaji kutoka nafasi niliyompanga mimi, nisingependa kusikia huko Mwanza kwamba kuna aliyemwambia, "Kocha aliyeondoka hakuwa akifanya hivi." Sentensi hiyo itamvunja moyo yeye, na wala haitanifurahisha mimi. Nahodha, jambo hili nimekukabidhi wewe.

Sasa niseme juu ya umri, kwa kuwa katika soka la vijana hakuna uongo unaozoeleka upesi kama huo. Mwaka 2005 taifa letu lilikuwa limekwisha kufuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia, likaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, na vijana ambao hawakuwa na kosa lolote wakabaki nyumbani. Serengeti Boys walikuja kucheza fainali hizo mwaka 2017 kule Gabon, miaka 12 baadaye. Siku hizi mashindano makubwa ya umri huo hupiga picha za mfupa wa kifundo cha mkono kwa kipimo cha MRI, na mfupa hausikilizi cheti kilichotengenezwa. Hata kama kipimo hicho kisingekuwepo, kijana aliyepunguziwa miaka mitatu huwashinda wadogo kwa nguvu za mwili, hajifunzi akili ya mchezo, na anapofika timu ya wakubwa hana nguvu ya kuwazidi wala ufundi wa kumbeba. Yeyote atakayewashauri kubadili tarehe ya kuzaliwa, awe nani, mkatalieni.

Vivyo hivyo kwa watu watakaokuja na ahadi za Ulaya au Uarabuni. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa, kwa hiyo mtu anayemwambia kijana wa miaka 15 kwamba klabu ya nje inamsubiri, na kwamba mzazi atangulize fedha za viza, anataka fedha hizo tu. Wazazi, msitie saini karatasi ambayo viongozi wa timu hawajaisoma. Mkitaka kujua njia yenyewe ilivyo, mtazameni Mbwana Samatta: alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, ndipo akaelekea Genk ya Ubelgiji mwaka 2016. Alipoifungia Aston Villa bao dhidi ya Bournemouth tarehe 1 Februari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa na miaka 27.

Kwa mlio kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Tumekubaliana na mwalimu mpya kwamba utaratibu wetu uendelee: katika majuma ya mwisho mtafanya mazoezi mepesi mara mbili kwa juma, na nafasi zenu kikosini hazitachukuliwa kwa sababu hiyo.

Wapo watu wawili ambao majina yao hayaandikwi kwenye karatasi ya refa. Wa kwanza ni mtunza vifaa wetu, ambaye hushona mipira kwa mkono wake na hajawahi kuruhusu tuingie uwanjani na mpira usio na upepo wa kutosha. Wa pili ni kipa wetu wa akiba, ambaye msimu mzima hakuanza mechi hata moja, lakini alikuwa akifika kabla ya kipa wa kwanza ili ampashe misuli moto, na alishangilia kila mpira uliookolewa kana kwamba ameudaka yeye. Nilimwambia faraghani, narudia mbele ya wazazi wake: ningekuwa ninaanzisha timu upya, ningemtafuta yeye mapema sana.

Funguo za stoo nimemkabidhi katibu leo asubuhi, pamoja na daftari la mahudhurio na orodha ya walio na majeraha. Beki wetu wa kulia asikimbie kwa kasi mpaka daktari amruhusu, hata akisema goti haliumi. Jumatatu mazoezi yapo saa kumi jioni kama kawaida, na anayechelewa atakusanya koni. Asanteni sana wanangu. Mwalimu, karibu mbele, vijana wanakusubiri.