Kichupa cha Watoto Kumi

"Mama Tatu! Huyo mtoto wako ana miezi mingapi?"

Mama Tatu alikuwa akisugua sufuria kwa majivu, giza halijaisha vizuri. Aliinua uso akamwona Mwanaidi amesimama uwanjani, Rajabu mgongoni, mwavuli mkononi, ndala zimejaa tope.

"Kumi na mmoja. Kuna nini alfajiri hii?"

"Surua ameshachomwa?"

"Amchome nani? Wale wa mkoba hawajapanda huku tangu masika yaanze."

"Basi chukua kadi, twende."

Mama Tatu alicheka kwanza. Kutoka kitongoji chao, juu kabisa kwenye mgongo wa Uluguru, hadi zahanati ya bondeni ni saa tatu na nusu za mguu, na hizo ni za kushuka. Kupanda kurudi hakuna anayehesabu saa. Lakini Mwanaidi hakucheka, ikabidi aeleze.

Wiki iliyopita alishuka peke yake. Rajabu alikuwa ametimiza miezi tisa, na kadi ilisema wazi: miezi tisa, surua-rubella. Nesi aliyemkuta alitazama nyuma yake kama anayetafuta msafara, akauliza, "Uko mwenyewe?" Kisha akamweleza kwamba kichupa kimoja ni dozi kumi, kikishachanganywa hakivuki saa sita, kinachobaki ni cha kumwaga. "Nimwage dozi tisa kwa ajili ya mtoto mmoja? Rudi watoto wakiwa wengi." Mwanaidi alipanda mlima na Rajabu wake vile vile alivyoshuka naye.

Jioni ile alimsimulia mjomba. Mjomba Kibwana haoni. Surua ilimpata akiwa na miaka minne, mwanzoni mwa miaka ya sitini, chanjo hiyo ikiwa haijajulikana milimani. Vipele vilipokauka, macho yalikuwa na ukungu mweupe, na ukungu haukutoka tena. Ndiye mkubwa wa ukoo, shauri lote la mashamba linapita kwake, na mpaka leo anashikwa bega kwenda msalani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Amesema watoto kumi?"

"Amesema wengi. Kichupa ni cha kumi."

"Sasa wewe huwajui watoto kumi?"

Ndiyo maana alikuwa anabisha hodi nyumba za watu kabla ya jua.

Kwa Mama Tatu ilikuwa rahisi. Nyumba ya pili walimkuta Felista, mwanawe ana mwaka na miezi saba. Alichomwa ile ya kwanza, ya pili ya miezi kumi na nane bado. Felista alikubali akaenda kutafuta kadi, akarudi na nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa ya panya. "Lete hiyo hiyo," Mwanaidi alisema. "Panya hakula jina."

Nyumba ya tatu mlango ulifunguliwa na mwanamume. Alisema mkewe yupo, mtoto yupo, ila haendi mtu. Yule mkubwa alichomwa, baada ya wiki akachemka usiku kucha.

"Akafa?"

"Hakufa."

"Yuko wapi sasa?"

Mwanamume alionyesha kwa kidevu. Mtoto wa miaka mitano alikuwa juu ya mfenesi, anakojoa kuelekea bandani kwa kuku. Hata baba yake alishindwa kujizuia kucheka, lakini mke hakutoka. Si kila mlango unafunguka kwa mzaha. Mwanaidi aliaga vizuri akaendelea, maana jirani utamhitaji kesho.

Walipofika mtoni walikuwa mama watano. Gogo walilozoea kuvukia lilikuwa limechukuliwa na maji, na maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yana kelele. Vijana wawili waliokuwa wanavusha mananasi ya gulio walikubali kuwashika mkono, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mama Tatu alivuka akisali kwa sauti. Mwanaidi alimhamisha Rajabu kutoka mgongoni hadi mabegani, kadi akaifunga kwenye pindo la khanga na pindo akaling'ata kwa meno. Katikati maji yalimfika kiunoni, akasikia jiwe limebingirika chini ya unyayo wake. Hakutazama chini.

Felista aliingia hatua tatu, akasimama, akarudi. Alikaa kwenye mwamba upande ule na mtoto wake na nusu ya kadi. Walimsihi. Akatikisa kichwa. Hakuna aliyemlaumu, ana ujauzito wa miezi sita.

Wakabaki wanne.

Njia nzima iliyosalia Mwanaidi alikuwa anapiga hesabu isiyolingana. Wanne si kumi. Alipanga maneno ya kusema, akayapangua, akafikiria hata kukaa chini mlangoni mpaka wapatikane wengine sita.

Nesi wa siku hiyo alikuwa mwingine, msichana mwenye gauni jeupe lililopauka kwa jua la kamba. Hakuhesabu mtu. Aliwapa benchi, akatundika mzani kwenye boriti, watoto wakapimwa mmoja mmoja wakining'inia na kupiga mateke. Rajabu kilo nane na gramu mia mbili. Akakata ncha ya kidonge cha buluu cha vitamini A, akamkamulia mdomoni. Kisha akaenda kwenye jokofu la sola, akatoa kichupa, akakigeuza mwangani kutazama kile kimraba kilicho ndani ya duara, kama bado ni cheupe. Akachanganya. Akaandika saa kwenye karatasi ya kichupa: saa nne na dakika ishirini.

"Nesi," Mwanaidi alisema, sauti ikiwa ndogo kuliko alivyotaka, "tuko wanne tu. Kumi hatukufika."

"Kumi ya nini?"

"Ya kufungulia kichupa."

Msichana alisimama na bomba la sindano mkononi. "Mama, hata akija mmoja nafungua. Mwongozo ndivyo unavyosema. Dawa kumwagika ni hasara, mtoto kurudi bila chanjo ni hasara kubwa zaidi. Nani alikwambia?"

Mwanaidi hakujibu. Alikuwa anaufikiria mto, na gogo, na mguu wake wa kushoto ulioanza kuvimba.

Sindano iliingia mkono wa kushoto wa Rajabu, juu, chini ya ngozi tu. Alinyamaza kwanza, kama anayeuliza, halafu akapasua paa. Nesi alieleza: homa ikija baada ya wiki moja au zaidi kidogo, mpe maji na maziwa, mfute kwa kitambaa kibichi; vipele vichache vitapotea vyenyewe; ikizidi siku mbili mlete. Tarehe ya kurudi akaiandika Januari.

"Zilizobaki sita zinaishi mpaka saa ngapi?" Mwanaidi aliuliza.

"Saa kumi na dakika ishirini."

"Leo gulio. Mama wamejaa huko na watoto migongoni."

Alimkabidhi Mama Tatu mwanawe. Saa moja baadaye alirudi kutoka kwenye mananasi na ndizi na wanawake watatu nyuma yake, mmoja bado anabishana kuhusu bei ya nazi na muuzaji aliyemfuata mpaka mlangoni.

Kabla ya kuondoka alirudi mezani kwa nesi.

"Kuna mwenzetu amekwama ng'ambo ya mto. Mjamzito, mtoto wake anadai ya pili. Mkoba wenu utapanda lini?"

"Pikipiki haivuki."

"Pikipiki iache kwa wauza mananasi, nyumba ya mwisho kabla ya maji. Sema siku. Nitaleta vijana wa kukuvusha wewe na hilo boksi lako la barafu."

Nesi alifungua daftari, akapitisha kalamu kwenye tarehe. "Alhamisi ijayo. Mvua ikiwa kubwa?"

"Njoo na mvua yako," alisema Mwanaidi. "Sisi tulikuja nayo."

Nesi akaandika Alhamisi, saa mbili asubuhi, mtoni.