Mume wangu, tupange upya kazi za nyumbani

Baba watoto, pole na kazi.

Nimeona niandike badala ya kusema, maana jioni tunakutana wote tumechoka, na mazungumzo yakianza huku mmoja anasugua sufuria huwa hayafiki mbali. Usishtuke, hakuna baya lililotokea. Soma ukitulia, wala si lazima ujibu leo.

Nataka tupange upya kazi za hapa nyumbani, mimi na wewe. Huu utaratibu tulio nao hakuna aliyeupanga, ulijipanga wenyewe. Nilipokuwa likizo ya uzazi nilishinda nyumbani, kwa hiyo kupika, kufua na vyombo vyote vilikuja kwangu, na ilikuwa haki kabisa. Likizo ikaisha, nikarudi kazini, ila zile kazi zikabaki palepale. Hatukupata hata nafasi ya kuziangalia: mdogo alikuwa halali usiku, na wewe ndio kwanza ulikuwa umeongezewa majukumu kazini. Sasa mambo yametulia kidogo, ndiyo maana naona huu ni wakati mzuri.

Sijasahau unayoyafanya. Kila asubuhi mkubwa unampeleka wewe shuleni. Bili za maji na umeme mimi nazisikia tu. Na ile wiki mdogo alipokuwa na homa, ulikesha naye begani ukizunguka sebuleni ili mimi nilale. Hayo nayaona, hata nisipoyasema.

Kinachonichosha zaidi si mikono, ni kichwa. Jana, kwa mfano, nilipokuwa napika nilikuwa nawaza hivi: sabuni ya unga imebaki kidogo, sare ya mkubwa bado mbichi, daftari lake la hesabu linatakiwa sahihi, viatu vya mdogo vimeanza kumbana, chanjo yake ya miezi 18 ni mwezi ujao, na huu mtungi wa gesi sijui kama utafika Ijumaa. Ukaja jikoni ukaniuliza, "Nikusaidie nini?" Nikakujibu hamna, karibu namaliza. Nilikuwa mbali na kumaliza. Ila kupanga nikupe ipi, nikueleze ilipofikia, kisha nikumbuke kuuliza kama imeisha, niliona ni kazi nyingine juu ya zile nilizokuwa nazo. Wewe ulikuja kwa moyo mmoja, nalijua hilo. Tulichokosa ni mpango ambao ungekufanya usihitaji hata kuniuliza.

Kwa hiyo ombi langu ni tugawane kazi nzimanzima, tangu kuikumbuka hadi kuimaliza. Nguo, mathalani. Tukisema nguo ni zako, maana yake wewe ndiye unajua lini kapu limejaa, sabuni ipo au imekwisha, wingu likitanda ni wewe unayekimbilia kamba kuanua, na sare ya Jumatatu unaijua tangu Jumamosi. Mimi nguo zinanitoka kichwani kabisa. Na mimi nikichukua kitu kwako nitakichukua hivyohivyo, wewe usikiwaze tena.

Nimejaribu kuwaza mgao ungekaaje. Ni mawazo tu, yapindue utakavyo. Nguo zote ziwe zako, kufua mpaka kuziweka kabatini. Vyombo vya usiku pia, pamoja na kufuta jiko na kutoa taka, kwa sababu mimi saa hizo ndiyo nakuwa namnyonyesha mdogo na kumlaza, na nikirudi jikoni nikakuta sinki tupu, nakwambia, nitalala mtu mwingine. Kazi za shule za mkubwa nadhani ungeziweza kuliko mimi, kwanza hesabu anakusikiliza wewe. Mimi nibaki na kupika, manunuzi ya jikoni, kumwogesha na kumlaza mdogo, na miadi ya kliniki. Kudeki na kusafisha bafu tupokezane kila wiki, hiyo hakuna anayeipenda na tusidanganyane.

Kisha kuna za kwako ambazo najua zinakukera. Kufuatilia bili, hasa ile ya maji inayokuja na makosa kila mara na kukuweka kwenye simu mchana kutwa. Hiyo nipe mimi. Kazini kwangu nakaa na simu na kompyuta siku nzima, nitaifanya bila hata kutoa jasho. Na kama kuna nyingine umeibeba kimyakimya mimi sijui, iseme. Kila nikihesabu za kwangu nahisi zako zipo ambazo sijazihesabu, na sitaki mgao mpya ukuonee wewe.

Mimi nawe tuko tofauti, hilo nalo tulipange mapema. Wewe unakunja mashati mara mbili tu unayarundika, mimi napenda yakae kama ya dukani. Nguo zikiwa zako, zitakunjwa kwa mtindo wako, na mimi sitapita nyuma yako kuzikunjua. Ila mawili naomba yasilegezwe: vyombo visilale vichafu, na nguo za mdogo zisichanganywe na za kazini, ngozi yake unaijua inavyowasha. Nawe nitajie yako mawili, nitayashika.

Mkubwa naye amefika umri. Kutandika kitanda chake, kupanga viatu na kupeleka sahani yake jikoni anaweza. Napenda aone baba anaanua nguo na mama anabishana na watu wa maji, akue akijua nyumba ni ya wote wanaoilala. Wageni wakishangaa kukukuta na beseni la nguo, wape na wao pegi waanike.

Tujaribu mwezi mmoja tu kwanza. Jumapili jioni, watoto wakishalala, tukae dakika 10 tuulizane: kipi kimekwenda, kipi kimetushinda, nani wiki hii ana mzigo mkubwa kazini ili mwenzake amkingie. Kuna wiki utakuwa unarudi usiku na nguo nitafua mimi, bila kinyongo. Kuna mwisho wa mwezi mimi ndiye nitakuwa nimezidiwa na hesabu za ofisini, utapika wewe, na tutakula chochote utakachotoa jikoni. Sitaki tupimane kwa mizani kila siku, nataka tu pasiwe na mmoja anayebaki amesimama wakati mwenzake ameshakaa.

Nami nikipata hiyo nusu saa ya jioni najua nitaitumia wapi. Siku hizi tukizungumza ni habari za gesi na madaftari tu. Nimekumbuka kukaa nawe barazani tukipiga soga zisizo na maana.

Jumamosi mchana mdogo akilala, tukae tulizungumze. Nimebandika karatasi kwenye friji yenye kazi zote nilizozikumbuka, bila majina pembeni. Ongeza zako kwa kalamu yoyote utakayoikuta. Na kama kuna ambayo unaitaka kwa hiari yako, iwekee alama mapema kabla sijaiwahi. Vyombo vya leo nitaviosha mimi, mgao haujaanza bado.

Mama watoto